Bwawa la jirani limepasuka likakumwagikia shambani: unamdai kwa njia ipi? Mwongozo kamili kwa sisi wa Tabora

Kila masika yakichanganya kuna mtu anakuja kuniona na habari ileile, bwawa la jirani wa juu limepasuka, maji yameshuka kwake, na mwenye bwawa anasema "mimi sina kosa, ni fundi aliyechimba". Anakuja kashakata tamaa maana kaambiwa na watu kwamba kama huwezi kuonyesha uzembe wa mtu huna kesi. Hiyo si kweli kwa vitu vyote. Kuna vitu sheria inasema ukivileta na kuvikusanya kwenye ardhi yako, vikitoka vikamuumiza jirani unalipa hata kama ulikuwa mwangalifu kuliko wote kijijini, na bwawa kubwa la maji ndo mfano wa kwanza kabisa, sheria yenyewe ilizaliwa kwenye bwawa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, naandika ili ukifika kwa wakili ujue cha kumwambia na uwe umebeba ushahidi unaotakiwa. Nitatumia mfano mmoja niliotunga, lakini kila kipande chake nimekiona mahali fulani.

Mfano wenyewe

Chukua kijiji cha tumbaku huku kwetu, mwinuko mdogo wa miombo, chini kuna mbuga ya mpunga. Jamaa wa juu anachimba bwawa la samaki mita 40 kwa 25, kina kama mita moja na nusu kwa wastani. Piga hesabu, 40 mara 25 mara 1.5 ni mita za ujazo 1,500, yaani lita milioni moja na nusu, yaani tani 1,500 za maji zimekaa juu ya kichwa cha jirani. Maji anayavuta kwa pampu kutoka kijito na mengine anayakinga na mfereji. Hakufanya ovyo, alimtafuta fundi mwenye kijiko anayejulikana, alimuuliza afisa uvuvi, alilipa hela yote.

Shida ilikuwa chini. Pale palikuwa na vichuguu viwili vya zamani vilivyohamwa na muhanga walishachimba mashimo ndani yake. Dereva wa kijiko alikata vichuguu akakuta mashimo, mengine mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko, akayafukia na udongo mwepesi uleule bila kushindilia mfinyanzi, akasawazisha, akaondoka. Hakumwambia mwenye bwawa.

Mwezi wa tatu bwawa limejaa, usiku maji yakapata njia kwenye yale mashimo, yakatokea chini ya tuta upande wa jirani, yakala udongo mpaka tuta likakatika. Kwa jirani bani la tumbaku ya mvuke limeanguka likiwa na majani kwenye fito, mpunga ekari moja umefunikwa tope, na kijana wake aliyekuwa anachochea moto wa bani ukuta umemwangukia akavunjika mguu.

Anamdai nani, kwa msingi gani? Kuna njia mbili na usizichanganye.

Njia ya kwanza, uzembe

Hii wengi wanaijua hata kama hawajui jina. Lazima uonyeshe kwamba mwenye bwawa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwako, kwamba aliuvunja, na kwamba kuuvunja huko ndo kumekuletea hasara, hasara ya aina ambayo mtu mwenye akili timamu angeiona inakuja. Msingi wa wajibu huu kwa jinsi unavyotumika leo ni kesi ya Donoghue na Stevenson ya mwaka 1932, ile ya konokono kwenye chupa ya kinywaji, ambapo Lodi Atkin alisema jirani yako kisheria ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria kwamba utamuumiza ukifanya mambo bila uangalifu. Mtu wa chini ya bwawa ni jirani kwa maana zote mbili, hapo hamna ubishi.

Ubishi uko kwenye kuvunja wajibu. Mahakama haiulizi kama bwawa limepasuka, inauliza mwenye bwawa alifanya nini au aliacha kufanya nini ambacho mtu mwangalifu asingefanya. Na kwenye mfano wetu huyu mzee alitafuta fundi mzuri, aliuliza mtaalamu, mashimo hakuyaona. Mzembe ni fundi. Na kanuni ya kawaida ni kwamba ukimpa kazi fundi wa kujitegemea, uzembe wake ni wake, si kama mfanyakazi wako uliyemwajiri. Kwa hiyo kwa uzembe unamshitaki fundi, na fundi kashahamia mkoa mwingine, kijiko chenyewe kilikuwa cha kukodi, hata ukishinda unakamata nini?

Ndo maana wanaosimama kwenye uzembe peke yake wanapotea hapa. Kuna msaada kidogo wa ile kanuni kwamba tukio lenyewe linaongea, iliyotamkwa kwenye kesi ya Scott ya 1865 ambapo magunia ya sukari yalimdondokea mtu kwenye ghala la bandari London, kwamba kitu kilichokuwa mikononi mwa mdaiwa kikifanya jambo ambalo kwa kawaida halitokei bila uzembe, yeye ndo atoe maelezo. Lakini mwenye bwawa wetu maelezo anayo, atasema ni fundi na ataleta mkataba na risiti.

Njia ya pili, dhima kali, yaani kulipa hata bila kosa

Sasa sikiliza kesi ya Rylands na Fletcher uone inavyofanana na kichuguu chetu. Lancashire, Uingereza, Rylands alikuwa na kinu akataka bwawa la kukipa maji. Akaajiri mhandisi na makandarasi wanaojua kazi. Wakati wa kuchimba walikutana na mashimo ya zamani ya mgodi yaliyojazwa udongo, hawakujua yameungana na mgodi wa Fletcher, hawakuyaziba vizuri. Desemba 1860 bwawa likiwa halijajaa hata vizuri maji yakavunja shimo moja yakazama yakaenda kujaza mgodi wa jirani. Ikaonekana Rylands mwenyewe hakuwa mzembe, wazembe walikuwa wale aliowapa kazi. Na bado akalipa.

Jaji Blackburn mwaka 1866 aliiweka hivi, kwa maneno yangu: mtu ambaye kwa faida yake mwenyewe analeta kwenye ardhi yake, anakusanya na kutunza pale kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka, anakitunza kwa hatari yake mwenyewe, na kikitoroka anawajibika kwa madhara yanayofuata. Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, likakubali mwaka 1868, Lodi Cairns akaongeza kwamba matumizi ya ardhi yawe si ya asili, yaani si ya kawaida.

Ina nguvu huku kwetu? Sura ya 358 ya sheria zetu, kifungu cha 2, inasema mahakama zinatumia misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji, iliyokuwepo tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira ya Tanzania na watu wake yanavyoruhusu. Rylands ni ya 1868, kwa hiyo imekuja ndani ya mzigo huo. Kesi za Uingereza za baada ya hapo zinashawishi tu, hazimfungi jaji wetu, na hilo likumbuke maana baadhi yake zinambana mdai na wakili wako anaweza kubishana nazo.

Hatua ya 1: pima kama kesi yako inaingia kweli kwenye Rylands

Jiulize kwanza maji yalifikaje pale. Kama ni mbuga inajaa yenyewe kila masika na maji yanateremka kwako kama yalivyoteremka kwa babu zako, hakuna aliyeyaleta, hiyo si Rylands. Lazima mtu awe ameyaleta au ameyakusanya, kwa pampu, mfereji, tuta. Kwenye mfano wetu pampu na mfereji vinatosha, kavipige picha kabla havijaondolewa.

Kisha kitu kiwe kimetoka kwenye ardhi yake kikaja nje. Mwaka 1947 kwenye kesi ya Read na Lyons mkaguzi aliumizwa na mlipuko akiwa ndani ya kiwanda cha mabomu, akashindwa kwa sababu kilichomuumiza hakikutoka nje ya eneo. Kwa hiyo mnunuzi wa samaki akiteleza akazama ndani ya bwawa, hiyo ni kesi ya uzembe kama ipo, si Rylands. Na ng'ombe wako akipeleka shingo mwenyewe upande wa jirani akala kitu chenye sumu, hakuna kilichotoroka, ndo ilivyoamuliwa 1894 kwenye kesi ya Ponting na Noakes ambapo farasi alivuka na kichwa akala majani ya mti wenye sumu akafa.

Halafu linakuja swali gumu kuliko yote, matumizi yasiyo ya kawaida. Hapa ndo kesi nyingi zinafia na hapa nataka uwe mkweli na nafsi yako. Simtanki la lita 1,000 nyuma ya nyumba likipasuka likaloanisha ukuta wa jirani, sahau Rylands, maji ya matumizi ya nyumbani ni kawaida. Kesi ya Rickards na Lothian ya 1913 ilisema inatakiwa matumizi maalumu yanayoongeza hatari kwa wengine, na 2003 kwenye Transco na Stockport, ambapo bomba la maji la jengo la ghorofa lilivuja, Malodi walikaza zaidi wakasema yawe matumizi ya ajabu, yasiyo ya kawaida kwa mahali na wakati huo. Kibwawa cha mita 10 kwa 15 kama walivyo navyo wengi siku hizi, mimi binafsi nisingekutia moyo sana. Lakini tani 1,500 za maji nyuma ya tuta la udongo, juu ya mteremko, juu ya bani la mtu, kwa biashara ya mtu mmoja, hiyo naiona inasimama. Lambo la kijiji la kunyweshea ng'ombe ni habari nyingine, mdaiwa atasema ni faida ya wote pamoja na wewe unayedai, na hoja hiyo ina uzito. Likiwa la halmashauri kuna pia notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi.

Cha mwisho, aina ya madhara iwe inayotarajiwa. Hii imetoka kwenye Cambridge Water ya 1994, kiwanda cha ngozi kilimwaga kemikali kidogokidogo ikaenda kuchafua kisima cha maji mbali, kikashinda kwa sababu wakati ule hakuna mtu angejua zingefika huko. Angalia vizuri, haisemi ulitakiwa kuona kwamba bwawa litapasuka. Inauliza, likipasuka, ungejua litaleta madhara ya namna hii? Maji mengi kubomoa bani la udongo, hata mtoto anajua.

Hatua ya 2: gawa hasara zako kabla hujaandika chochote

Hili watu hawalijui na linawaumiza. Rylands inalinda ardhi na vilivyomo. Bani, tumbaku, mpunga, hivyo vinaingia. Mguu wa yule kijana hauingii, Transco ilisema wazi kwamba majeraha ya mwili hayadaiwi kwa njia hii. Mguu unadaiwa kwa uzembe, basi. Na anayedai kwa Rylands awe na haki kwenye ardhi ile, mwenye shamba au aliyekodi, si kibarua wa kulala tu pale. Kama umekodi shamba na makubaliano yalikuwa ya mdomo, mtafute mwenye shamba na mashahidi waliokuwepo mkikubaliana, mapema.

Ndo maana hati nzuri ya madai inabeba njia zote mbili, moja ikiwa mbadala wa nyingine: mwenye bwawa kwa Rylands kwa mali, mwenye bwawa pamoja na fundi kwa uzembe kwa mali na kwa mguu. Usichague moja kwa sababu mtu kakwambia ni kali zaidi.

Hatua ya 3: ushahidi, siku ileile

Nenda na simu asubuhi kabla watu hawajaanza kuzoa tope. Piga picha mstari wa tope ukutani ukiwa umesimamisha kitu kinachojulikana urefu, jembe au fito, maana mstari huo ndo unaonyesha maji yalifika wapi. Fuata njia ya maji kurudi juu mpaka ulipokatika tuta, na hapo tulia. Kwenye mfano wetu ukiangalia ukingo wa lile pengo unaona udongo wa aina mbili, mfinyanzi mwekundu uliokaza, na katikati kipande cha udongo wa kijivu, mwepesi, unaobomoka ukiugusa, na tundu laini la mviringo likiingia ndani. Hilo ndo shimo la muhanga. Mvua mbili zikinyesha hulioni tena. Kwa Rylands huhitaji hata kulithibitisha, unahitaji tu maji yametoka kwake yakaja kwako, ila kwa uzembe wa fundi hiyo picha ndo kesi yenyewe.

Mwite mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji waone na waandike, bwana shamba aje akadirie mpunga. Mwenye bwawa akija kuomba radhi mpokee vizuri kama tulivyolelewa, "karibu baba, pole na wewe kwa hasara", ila usimwekee saini kwenye karatasi ya elfu hamsini inayosema yameisha.

Na pekua simu yako. Kama wiki mbili kabla ulimwandikia kwenye watsapu "mzee, chini ya tuta lako upande wangu panatota na hakuna mvua", na yeye akajibu "nitaangalia" asiangalie, kesi ya uzembe imebadilika sura kabisa. Sasa hatuzungumzii tena fundi, tunazungumzia mtu aliyeambiwa hatari akakaa kimya. Ujumbe huo unampa hata kijana wa mguu mtu wa kumdai mwenye uwezo wa kulipa. Ukiona pameloana kwa jirani, andika, usiongee kwa mdomo tu.

Hatua ya 4: jiandae na atakachojibu

Atasema ni mvua, kazi ya Mungu. Ilishawahi kufanikiwa 1876, Nichols na Marsland, maziwa ya kutengeneza yalifurika kwa mvua ambayo ilionekana hakuna mtu angeitarajia. Lakini 1917 kwenye kesi ya Greenock mvua kubwa sana haikutosha kumwokoa aliyebadilisha njia ya maji, na hiyo nayo ni kabla ya 1920. Huku kwetu mvua ya mwezi wa tatu si muujiza, masika yetu yanatoka Novemba mpaka Aprili kila mtu anajua. Omba takwimu za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, za siku ile na za miaka ya nyuma, uone kama kweli ilipita kiasi.

Atasema kuna mtu alikuja usiku akavunja tuta. Hiyo akiithibitisha inamwokoa, kitendo cha mtu baki asiyemtawala ni utetezi kamili kwenye Rylands. Sasa fundi je, si mtu baki? Hapana, fundi alimleta yeye mwenyewe, na Rylands angepona kwa hoja hiyo kama ingekuwa inafanya kazi. Atasema pia ulikubali, labda ulikuwa unachota maji bwawani kumwagilia bustani. Kama kweli mlikuwa mnanufaika wote hapo una shida, mwambie wakili mapema asije akashangazwa mahakamani.

Utetezi ambao hauna kazi kwenye Rylands ni huu mmoja, "nilikuwa mwangalifu". Aeleze mpaka jioni.

Hatua ya 5: wapi na lini

Una miaka 3 kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kuanzia madhara yalipotokea. Mazungumzo ya kijijini hayasimamishi saa, nimeona mtu kakaa kwenye vikao vya ukoo mpaka muda ukapita. Mahakama ya mwanzo si mahali pake, kule kwa sehemu kubwa ni sheria za kimila na za Kiislamu, hii inaanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Unathibitisha kwa mizania ya uwezekano, yaani hakimu aone maelezo yako yana uzito kuliko yake, haihitaji kiwango cha kesi ya jinai.

Hatua ya 6: hela

Mahakama ya Rufani kwenye Zuberi Augustino na Anicet Mugabe ya 1992 ilishasema fidia mahsusi lazima itajwe waziwazi kwenye hati na ithibitishwe. Maana yake huandiki "hasara milioni tano". Unaandika bani: tofali kadhaa, mabati kadhaa, mabomba ya moshi, fundi, kila kimoja na bei na karatasi yake. Tumbaku unaileta na mkataba wako wa msimu na kitabu cha chama cha msingi kinachoonyesha ulipewa pembejeo za ukubwa gani, na hati ya malipo ya msimu uliopita ionyeshe daraja ulizokuwa unapata. Mpunga, ripoti ya bwana shamba. Mguu, risiti za hospitali na nauli.

Yule jirani wa mfano wetu akiwa na karatasi za bani na tumbaku lakini mpunga anasema kwa mdomo tu, atapata bani na tumbaku, na mpunga uwezekano mkubwa utabaki kwenye fidia ya jumla ambayo hakimu anakadiria mwenyewe, na makadirio hayo mara nyingi ni madogo kuliko gunia ulizopoteza. Kwa hiyo kabla tope halijakauka mpeleke bwana shamba kwenye ile ekari, apime, aandike, agonge muhuri.